Naomba maelekezo: kumwondoa mtu asiyehusika nyuma ya picha ya familia, hatua kwa hatua

MamaNasra

Habari za jioni wanajukwaa. Nina picha ya familia iliyopigwa kwa simu pale Coco Beach, Dar es Salaam, mnamo saa kumi na moja jioni, maji yakiwa yametoka. Waliomo ni mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Handeni, mume wangu na watoto wetu wawili, na ndiyo picha pekee ya siku ile ambayo wote wanne wametazama kamera kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba katika nafasi iliyopo baina ya mama na binti yangu anaonekana mwanamume tusiyemfahamu, amevaa fulana nyekundu, ameinamia simu yake. Kichwa chake kinapita juu ya mstari ambapo bahari inakutana na anga, bega lake moja limefichwa na bega la mama, na miguu yake iko usawa wa kichwa cha binti yangu. Ningependa kumwondoa kisha niichapishe picha kwa ukubwa wa A4 na kuiweka kwenye fremu mama akiwa bado yuko hapa. Ninayo simu ya Android, na kaka yangu anaweza kuniazima laptopu yake. Sijawahi kuhariri picha zaidi ya kuipunguza pembeni, kwa hiyo naomba mnielekeze kama mtu asiyejua chochote.

Kijana wa Sinza

Dada, hilo halihitaji laptopu. Pakua Snapseed, fungua picha, ingia kwenye Tools, chagua Healing, kisha umpake yule mtu kwa kidole. Programu yenyewe itamfuta na kujaza mahali pake. Mimi hufuta hivyo chupa za plastiki, nyaya za umeme na hata watu walioko mbali, na haichukui dakika moja.

Msafiri wa Maskati

Njia iliyo rahisi zaidi ni kuikata familia yote kutoka kwenye picha na kuibandika juu ya picha nyingine ya bahari isiyo na watu. Au uitie ukungu sehemu yote ya nyuma, ili huyo bwana asitambulike.

MamaNasra

Nawashukuru wote. Msafiri, sitaki kubadilisha mahali. Mama anataka ionekane ni pale pale aliposimama, na huyo mtu amevaa nyekundu, hivyo hata akitiwa ukungu litabaki doa jekundu begani kwa mama. Kijana wa Sinza, nimejaribu Snapseed. Kichwa kilichokuwa angani kimeondoka vizuri, lakini karibu na bega la mama bahari imepata vipande vya rangi ya kanga yake, na mstari wa upeo umekatika katikati.

FundiPicha Tanga

Mama Nasra, maelezo yako ya mwisho yanaonyesha mahali penye ugumu. Kijana wa Sinza hakukosea kuhusu chupa na nyaya, kwa sababu kitu kidogo kilichozungukwa pande zote na mchanga au anga hujazwa vizuri na Healing ya Snapseed. Lakini programu ile hujichagulia yenyewe mahali pa kuchukua kiraka, na inapofika kando ya kanga haijui kwamba kanga ni ya kubaki na bahari ndiyo ya kuendelezwa. Kazi yako inahitaji chombo kinachokuruhusu wewe kuamua kiraka kinatoka wapi. Tumia GIMP kwenye laptopu ya kaka yako. Ni ya bure, na zana utakazozihitaji ni chache.

Kabla ya hapo, nina swali moja: picha utakayofanyia kazi umeipata wapi? Kama ilitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, imekwisha kupunguzwa ukubwa. Karatasi ya A4 inayochapishwa kwa ubora mzuri inataka pikseli takriban 3500 kwa upande wake mrefu. Chukua faili halisi kutoka kwenye simu iliyopiga, kwa waya wa USB, au itumwe WhatsApp kama hati na si kama picha.

MamaNasra

Nimeitoa kwenye simu ya mume wangu kwa waya. Ni 4000 kwa 3000. GIMP nimeshaisakinisha na picha imefunguka.

FundiPicha Tanga

Vizuri sana. Sasa twende taratibu.

Kwanza, nenda File, kisha Save As, uihifadhi kwa jina jipya lenye mwisho wa .xcf. Huo ni muundo wa GIMP unaohifadhi matabaka yote, na faili halisi ya JPEG inabaki bila kuguswa. Kisha nenda Layer, New Layer, na pale palipoandikwa Fill with uchague Transparency. Hapo umeweka tabaka tupu juu ya picha, mfano wa karatasi ya plastiki angavu, na kila utakachopaka kitakaa juu yake. Ukiharibu, utafuta kwenye tabaka hilo tu.

Pili, bonyeza herufi C ili upate zana ya Clone. Katika chaguo zake weka alama kwenye Sample merged, ili zana ichukue rangi kutoka kwenye picha iliyo chini ingawa unapaka kwenye tabaka tupu. Watu wengi husahau alama hiyo, wakapaka na kupaka bila kuona kitu chochote kikitokea. Katika Alignment chagua Aligned, na Opacity iwe 100. Hardness weka 50 hivi.

Tatu, kabla ya kupaka popote, tumlinde mama na binti. Bonyeza F upate Free Select, kuza picha hadi asilimia 200, kisha bonyeza nukta moja baada ya nyingine ukifuata ukingo wa mtandio, bega na mkono wa mama kwa ukaribu. Ukishuka chini hadi mahali kivuli na mwakisiko wa yule mtu vinapokwisha, zunguka upande wa binti yako, pandisha juu ya kichwa cha mgeni, na ufunge pale ulipoanzia, kisha bonyeza Enter. Kabla ya kubonyeza nukta ya kwanza, uwe umewasha Feather edges kwa pikseli 2 ili ukingo usiwe mkali kama uliokatwa kwa wembe. Kuanzia hapo brashi haitapaka nje ya eneo hilo hata mkono ukiteleza. Lakini jambo jema ni kwamba *kuchukua* rangi kunaruhusiwa kutoka popote, hata nje ya eneo ulilochagua.

Nne ndipo kupaka kunapoanza, na hapa mpangilio ni muhimu kuliko wepesi wa mkono. Bonyeza C urudi kwenye Clone, kisha anza na mstari wa upeo. Sogea kushoto au kulia mpaka uone sehemu safi ya mstari, shikilia Ctrl na ubonyeze juu ya mstari wenyewe, si juu yake kidogo wala chini yake kidogo. Achia Ctrl, uweke brashi juu ya mgeni mahali ambapo mstari ungepita, kisha ubonyeze. Mstari wa upande mmoja na wa upande mwingine ukikutana, umekwisha kupata uti wa mgongo wa picha. Baada ya hapo jaza anga, kisha bahari, kisha mchanga, kwa mpangilio huo.

Na kanuni ninayoomba uishike katika hatua hii yote ni kuchukua kiraka kutoka *pembeni*, kwa usawa ule ule wa pale unapojaza, wala si kutoka juu au chini yake. Anga la jioni huwa jeupe zaidi karibu na bahari na la buluu zaidi juu, kwa hiyo kiraka kilichoshushwa kutoka juu kitaonekana kama doa. Mawimbi ya mbali ni mistari myembamba, ya karibu ni mapana, na ukilipeleka wimbi la karibu huko mbali, jicho litakataa hata kama mtazamaji hawezi kusema kwa nini.

Bi Rukia, msanifu

Fundi, nakubaliana nawe kuhusu mpangilio, ila mimi ningemwambia aanze na Heal badala ya Clone kwenye anga. Heal huchukua umbile la kiraka na kulinganisha rangi na mahali kinapowekwa, kwa hiyo anga lenye rangi zinazobadilika polepole hutoka laini bila madoa. Anayeanza atahangaika sana na Clone kwenye anga.

FundiPicha Tanga

Dada Rukia, kwa anga tupu uko sahihi, lakini nina sababu mbili za kuichelewesha. Ya kwanza, Heal hutazama rangi za mahali inapopaka, na sasa hivi mahali hapo pana fulana nyekundu na nywele nyeusi, kwa hiyo itaileta ile nyekundu ndani ya bahari kama ukungu wa waridi. Ya pili, kwenye tabaka tupu Heal haina cha kulinganisha nacho, na matokeo yake huwa mabaya. Mimi kwanza humwondoa mtu mzima kwa Clone, kisha nikatengeneza tabaka jipya kwa Layer, New from Visible, ndipo nikapitisha Heal juu ya tabaka hilo kwenye maungio tu, nikiwa mbali na kingo za watu.

Bi Rukia, msanifu

Kuhusu tabaka tupu sina ubishi. Kuhusu anga bado ninaona ni kazi mara mbili, maana kichwa cha mgeni kilichoko angani ni kidogo, na hakigusani na mtu yeyote wa familia. Mama Nasra mwenyewe amesema Snapseed ilikiondoa vizuri.

MamaNasra

Nimejaribu tangu asubuhi. Mwili wa yule mtu umeondoka, nami sikuamini macho yangu. Lakini kuna mambo matatu yananisumbua. Mstari wa upeo una kingazi kidogo upande wa kulia wa mama. Kwenye ukingo wa bega lake kuna uzi mwembamba mwekundu. Na nikiipunguza picha, kuna kitu chini, karibu na mkono wa binti yangu, kinachofanya pale paonekane kama kuna mtu, ingawa hakuna mtu.

FundiPicha Tanga

Nitaanza na la tatu, kwa sababu ndilo linalowapita wengi. Umesema maji yalikuwa yametoka, maana yake mchanga ulikuwa umelowa na unaakisi kama kioo. Pale Coco Beach anayetazama bahari anatazama mashariki, na saa kumi na moja jioni jua liko mgongoni mwa mpiga picha. Kwa hiyo mgeni wako ameacha vitu viwili, si kimoja. Kivuli chake kimelala kuelekea baharini, nyuma ya pale alipokuwa amesimama, na mwakisiko wake umeshuka kuelekea kwenye kamera, chini ya miguu yake. Tafuta mchirizi wenye wekundu hafifu kwenye mchanga baina ya mama na binti. Hiyo ndiyo fulana yake.

Viondoe vyote viwili kwa kanuni ile ile ya pembeni, ila uwe mwangalifu na mwakisiko wa mama na wa binti, ambao lazima ubaki. Mtu akisimama kwenye mchanga unaong'aa bila mwakisiko ataonekana kama amebandikwa.

Uzi mwekundu begani ni kwa sababu pikseli za ukingo zimechanganya rangi ya kanga na rangi ya fulana iliyokuwa nyuma yake. Kamera haikati mpaka kama mkasi. Chagua tena eneo lako, nenda Select, Grow, weka pikseli 1, au 2 ikibidi, ili eneo liingie kidogo juu ya bega, kisha uchukue rangi ya bahari iliyo pembeni na upitishe kwa brashi ndogo. Unapoteza pikseli moja ya kanga, na hakuna atakayeijua.

Kuhusu kingazi, inawezekana Ctrl ulibonyeza pembeni kidogo ya mstari, au simu ilikuwa imeinama kidogo wakati wa kupiga. Kama upeo wote umelala upande, chukua kiraka kutoka karibu sana, kushoto ukijaza nusu ya kushoto na kulia ukijaza nusu ya kulia, ili tofauti ya kimo isikusanyike mahali pamoja.

Kijana wa Sinza

Nimejifunza kuhusu kivuli, sikuwahi kukitazama. Lakini naomba kuuliza: si angepunguza tu Opacity iwe 40 na kupaka mara nyingi, ili maungio yapotee yenyewe?

FundiPicha Tanga

Hapana, ndugu yangu. Kila picha ya simu ina chembechembe ndogo, na mchanga una punje zake. Ukipaka nusu juu ya nusu, chembe zinachanganyika na kufutana, na mahali pale panakuwa laini kama panapotazamwa kupitia kioo chenye mvuke. Kwenye skrini ya simu hutaona, lakini kwenye A4 utaona kiraka kisicho na punje katikati ya mchanga wenye punje. Afadhali Opacity 100 na ukingo laini wa brashi.

Mwalimu wa Likoni

Nisameheni kwa kuingiza jambo langu, ila linahusiana. Nina picha ya karatasi, ya mwaka 1986, ya marehemu baba yangu akiwa kwenye kivuko cha Likoni. Mtu tusiyemjua amepita mbele na mkono wake umefunika bega na sehemu ya shavu la baba. Nimeiskani kwa ubora mkubwa. Je, kwa njia hii ninaweza kuutoa mkono huo na kuliona shavu la baba?

FundiPicha Tanga

Shikamoo Mwalimu. Mkono utaweza kuutoa, lakini shavu halitarudi. Kwa Mama Nasra mgeni yuko *nyuma*, na kilichofichwa ni maji na mchanga, ambavyo mfano wake upo pembeni katika picha ile ile. Kwako mtu yuko *mbele*, na kilichofichwa ni uso wa mtu mmoja tu duniani. Tunaweza kuliendeleza bega la shati kwa kitambaa cha shati lile lile, kwa sababu kitambaa kinajirudia. Shavu tutakalolijaza litakuwa la kubuni, na mimi binafsi huwaambia wateja wangu wasikubali kufanyiwa hivyo bila kujua. Kama palikuwa na picha nyingine iliyopigwa dakika ile ile, huyo mtu akiwa amekwisha kupita, hapo mambo yanabadilika kabisa: unazifungua zote mbili kwa File, Open as Layers, unazipanga moja juu ya nyingine na kuonyesha shavu la kweli kutoka kwenye ile ya pili. Tafuta kwenye albamu za ndugu, na negativi kama bado zipo.

Mwalimu wa Likoni

Marahaba. Nitamwuliza shangazi, maana yeye ndiye aliyekuwa na kamera. Nisipopata, nitaacha mkono ulipo.

MamaNasra

Mwakisiko nimeuona na nimeuondoa. Uzi mwekundu umekwisha. Imebaki sehemu moja inayonishinda: nywele za binti yangu. Siku ile hazikusukwa, zimetimka, na upande wa kushoto wa kichwa chake suruali nyeusi ya yule mtu ilikuwa nyuma ya nywele. Nikipaka karibu, kichwa kinakuwa duara kama mpira. Nikiacha, linabaki doa jeusi.

Bi Rukia, msanifu

Hapo usijaribu kuchora unywele mmoja mmoja. Tazama upande wa kulia wa kichwa chake, ambako nyuma ya nywele pana mchanga na maji tu. Chagua kipande cha ukingo huo kwa Free Select, ukijumuisha nywele zilizotimka na kidogo cha mandhari, bonyeza Ctrl+Shift+C ili unakili kinachoonekana kwenye matabaka yote, kisha Edit, Paste as, New Layer. Kigeuze kwa zana ya Flip, kisogeze hadi upande wa kushoto, na ukiunganishe na kichwa kwa kifutio laini. Ukikigawa vipande viwili vya ukubwa tofauti, haitaonekana kwamba pande mbili zinafanana.

FundiPicha Tanga

Ni njia nzuri, ila atazame mwanga. Jua likiwa limetoka upande mmoja, nywele za upande huo zina mng'ao ambao upande wa pili hauna, na ukizigeuza, mng'ao unahamia pasipo na jua. Mimi ningetumia Clone kwa brashi ndogo ngumu, nikichukua nywele za utosini ambazo tayari zina mchanga au maji nyuma yake, na kuziteremsha kidogo kidogo bila kugeuza.

Bi Rukia, msanifu

Umesema mwenyewe jua lilikuwa mgongoni mwa mpiga picha. Mng'ao utakuwa sawa pande zote.

FundiPicha Tanga

Karibu sawa. Kivuli kililalia upande gani, Mama Nasra?

MamaNasra

Kililala upande wa kushoto kidogo, si moja kwa moja kuelekea baharini. Nimejaribu njia zote mbili kwenye matabaka mawili tofauti. Ya Bi Rukia inaonekana asilia zaidi nikiikuza. Ya Fundi inaonekana asilia zaidi nikiitazama nzima. Bado sijaamua.

FundiPicha Tanga

Basi ziache zote mbili, uzime jicho la tabaka moja na kuwasha la lingine mpaka utakapochapisha. Kabla ya hapo fanya ukaguzi. Nenda Image, Transform, Flip Horizontally, ili picha igeuke kushoto kulia. Macho yako yameizoea, na ikigeuka yataona viraka upya. Tafuta hasa vitu vilivyojirudia: povu lenye umbo lile lile mara mbili, au vipande viwili vya mwani vinavyofanana vilivyolala kwa umbali ule ule. Ukikiona kimoja, chukua kiraka cha mchanga kutoka mahali pengine na ukifunike kimojawapo. Kisha geuza picha irudi ilivyokuwa, nenda File, Export As, uiandike kwa mwisho wa .jpg, na Quality iwe 95.

MamaNasra

Nimeona mwani umejirudia mara tatu chini ya mkono wa mume wangu, wala sikuwa nimeupata kabla ya kugeuza. Nimefunika miwili. Kesho napeleka kuchapisha karatasi mbili, moja kwa kila aina ya nywele, na mama ndiye atakayechagua. Faili halisi yenye yule bwana nimeiweka kwenye folda moja na hii, kwa sababu mume wangu anasisitiza kwamba ile ndiyo picha ya siku yenyewe, na sikuona haja ya kubishana naye.

Msafiri wa Maskati

Naomba ukishachapisha utueleze ni ipi iliyochaguliwa. Nami nina ya kwetu pale Matrah, mtu yuko mbele ya ukuta wenye nakshi zinazojirudia, na ninataka kujua kama kanuni ya pembeni inafaa kwenye ukuta.

FundiPicha Tanga

Inafaa ukuta ukiwa umeutazama uso kwa uso. Ukiwa umepigwa kwa mshazari, nakshi zinapungua ukubwa kadiri zinavyokwenda mbali, na hapo utahitaji zana nyingine, Perspective Clone. Fungua uzi wake uweke picha, ukimfunika uso mtu huyo, tuone pembe yenyewe.